Saa moja ya jenereta dukani inakula shilingi ngapi? Petroli, dizeli na gesi kwenye mizani moja

Leo tuongelee ule ujumbe ambao wengi wetu tunaufahamu: "Kaka, umeme umekatika tena, naomba hela ya mafuta." Mimi nausoma nikiwa hapa Berchem-Sainte-Agathe, jioni, nimeshafunga hesabu za watu wengine, halafu natuma. Nilituma hivyo kwa miezi kadhaa bila kuuliza swali ambalo mhasibu yeyote angeuliza siku ya kwanza: saa moja ya hilo jenereta inagharimu kiasi gani, na katika saa hiyo duka linaingiza nini?

Duka ni la mdogo wangu wa kike, liko Mbagala, Dar es Salaam. Lina friji ya vioo ya soda na maji, friza moja ya kuku na samaki, taa nne na sehemu ya kuchajia simu. Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ulikuwa mkali, kuna siku umeme unaondoka asubuhi na kurudi jioni. Novemba hiyo nikatuma hela ya jenereta la dizeli la 5 kVA, shilingi 2,800,000. Niliamini kile tunachoambiwa wote: dizeli inakula kidogo na injini yake inadumu. Maneno hayo ni kweli kabisa, ila si kwa duka kama lile. Somo la leo ni kwa nini, na wewe utajuaje kwa duka lako kabla hujatuma hela.

Hatua ya kwanza: duka linatumia umeme kiasi gani

Watu wengi huanza na jenereta. Anza na duka. Na huhitaji fundi wala kifaa, mita ya LUKU inatosha. Siku ambayo umeme upo, mwambie mtu wako asome uniti zilizobaki saa kumi na mbili jioni, vitu vyote vikiwa vimewashwa kama kawaida, kisha asome tena saa mbili usiku. Tofauti igawe kwa mbili.

Kwa mdogo wangu ilikuwa uniti 41.6, halafu 40.8. Zimetumika 0.8 kwa saa mbili, yaani kilowati 0.4 kwa wastani. Nilishangaa kidogo, maana ukijumlisha namba zilizoandikwa nyuma ya friji na friza unapata zaidi ya hapo. Sababu ni kwamba kompresa haifanyi kazi muda wote. Inawaka, inapoza, inapumzika.

Sasa linganisha: jenereta la 5 kVA linaweza kutoa kama kilowati nne. Duka linataka 0.4. Nilikuwa nimenunua lori la tani kumi kubebea mfuko mmoja wa sukari.

Muuzaji hakudanganya alipopendekeza kubwa. Hofu yake ilikuwa ule mshtuko wa kompresa inapoanza kuzunguka, ambapo friji inayotumia wati 200 inaweza kuvuta wati elfu moja au zaidi kwa sekunde moja hivi. Lakini mshtuko huo unaepukika kwa kuwasha friji kwanza, kusubiri dakika chache, ndipo uwashe friza. Jenereta la kilowati mbili linabeba kazi hiyo.

Hatua ya pili: pima mafuta, usikubali ya kuambiwa

Kila jenereta lina tabia moja ambayo karatasi ya muuzaji haiitaji kwa sauti. Injini ya kawaida inazunguka mizunguko 3,000 kwa dakika, uwe umewasha taa moja au friji tano, kwa sababu mizunguko hiyo ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50. Kujizungusha tu kunakula mafuta. Kwa hiyo ukipunguza mzigo mpaka nusu, mafuta hayapungui mpaka nusu. Ukishuka mpaka sehemu ya kumi, kama sisi, karibu mafuta yote yanaliwa na injini yenyewe, na umeme unabaki kama masalia.

Namna ya kupima ni hii. Jaza tangi mpaka alama unayoweza kuiona tena, jenereta likiwa mahali pa usawa. Endesha saa mbili za biashara ya kawaida. Zima, acha injini ipoe kabisa, maana petroli juu ya ekzosi ya moto ni ajali. Kisha jaza tena mpaka alama ileile kwa kopo lenye vipimo, na andika umeongeza kiasi gani. Gawa kwa mbili. Rudia siku tatu tofauti uchukue wastani.

Gesi huwezi kuipima kwa kopo, unaipima kwa uzito. Tumia ile mizani ya kuning'iniza inayopimia magunia: pima mtungi kabla, pima baada, tofauti ni gesi iliyotumika. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake, kwa hiyo utajua pia imebaki ngapi.

Shemeji yangu alipima dizeli letu, halafu akaazima kwa majirani petroli la kawaida la 2.5 kVA, lingine la aina hiyohiyo lenye mfumo wa gesi, na dogo la inveta la kilowati mbili. Yote kwa mzigo uleule wa duka. Matokeo kwa saa moja:

Dizeli 5 kVA: lita 0.75
Petroli ya kawaida 2.5 kVA: lita 0.65
Gesi 2.5 kVA: kilo 0.45
Petroli ya inveta: lita 0.4

Ile ya inveta imeshinda kwa sababu moja: yenyewe inaruhusiwa kupunguza mizunguko mzigo ukiwa mdogo. Umeme wake haufuati mwendo wa injini moja kwa moja; unageuzwa kwanza na saketi ndani, ndipo unatoka ukiwa na hezi 50. Swichi yake ya kupunguza mwendo lazima iwashwe, mara nyingi imeandikwa `ECO`. Ikiwa imezimwa, injini inanguruma muda wote na faida yako inapotea. Tahadhari moja tu: kompresa inapoanza, injini inachukua muda mfupi kupandisha mwendo. Kama taa zinafifia sana au jenereta linajikata kila friji inapoanza, izime swichi hiyo mpaka kompresa ishike, kisha uirudishe.

Hatua ya tatu: weka bei

Nimezungusha bei ili hesabu iwe nyepesi: petroli 3,000 kwa lita, dizeli 3,000 kwa lita, na mtungi wa gesi wa kilo 15 kwa 60,000, yaani 4,000 kwa kilo. Wewe weka za kwenu. Kwa petroli na dizeli Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo hutofautiana mji kwa mji kulingana na umbali kutoka bandarini. Gesi uliza dukani mtaani kwenu.

Mafuta peke yake kwa saa yanakuwa: dizeli 2,250, petroli ya kawaida 1,950, gesi 1,800, inveta 1,200.

Ili ujue ukubwa wa namba hizi, linganisha na TANESCO. LUKU ya shilingi 10,000 kwa matumizi ya kawaida huleta takriban uniti 28. Duka letu likila uniti 0.4 kwa saa, ni kama shilingi 143. Kwa hiyo hata jenereta lililo nafuu kuliko yote linatumia mafuta ya zaidi ya mara nane ya umeme wa gridi.

Hatua ya nne: yale yasiyoonekana kwenye risiti ya mafuta

Hapa ndipo watu wa hesabu tunapotofautiana na watu wa tangi. Kuna gharama mbili ambazo hazidaiwi leo, zinadaiwa baadaye.

Ya kwanza ni matunzo. Injini hizi ndogo kwa kawaida hubadilishwa oili kila baada ya saa 100 hivi, na ile mpya mara ya kwanza mapema zaidi, baada ya saa kama 20. Ongeza plagi, chujio la hewa na fundi. Kwa petroli na gesi mdogo wangu hutenga 20,000 kwa kila saa 100, yaani 200 kwa saa. Dizeli inabeba oili nyingi zaidi na ina chujio la mafuta pia, tukaweka 300 kwa saa. Ni kweli gesi inaungua safi na oili yake inachelewa kuwa nyeusi, lakini msirefushe ratiba kwa sababu hiyo. Fuateni kitabu cha mashine.

Ya pili ni uchakavu. Chukua bei ya kununulia, toa unachotarajia kuuzia mwishoni, gawa kwa saa utakazolitumia. Na hapo kwenye saa ndipo mtego wa dizeli ulipo. Muuzaji anasema injini hiyo itaishi saa 5,000. Sawa, lakini Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme, na kwetu ule mgao wa kutwa nzima ukaisha. Kilichobaki ni katizo za mtaani, kama saa mbili kwa siku. Ukiwasha nusu ya muda huo ni saa 30 kwa mwezi, 360 kwa mwaka, 1,800 kwa miaka mitano. Ili umalize saa 5,000 unahitaji karibu miaka 14. Umelipia maisha ambayo hutayaishi.

Kwa hiyo nimehesabu hivi. Dizeli: 2,800,000 kutoa 1,000,000 ya kuuzia, gawa kwa saa 1,800, ni 1,000 kwa saa. Petroli ya kawaida ya 750,000, nikaipa saa 1,500 tu na sitarajii kuiuza: 500. Ya gesi 1,050,000 kwa saa hizohizo 1,500: 700. Inveta 1,440,000 kwa saa 1,800: 800. Umri huo ni makisio yangu kwa matunzo ya kawaida, si ahadi ya kiwanda.

Jumla kwa saa, mafuta, matunzo na uchakavu pamoja:

Dizeli: 2,250 + 300 + 1,000 = 3,550
Gesi: 1,800 + 200 + 700 = 2,700
Petroli ya kawaida: 1,950 + 200 + 500 = 2,650
Inveta: 1,200 + 200 + 800 = 2,200

Angalia: lile lililokuwa la bei rahisi kununua si rahisi kuendesha, na lile linalosifiwa kula kidogo limekuwa la mwisho. Hata kama mgao ungerudi na uchakavu wa dizeli ukashuka kwa sababu ya saa nyingi, mafuta yake peke yake, 2,250, bado yanazidi gharama yote ya inveta kwa duka hili.

Dizeli na gesi zina mahali pake

Nisieleweke vibaya. Badilisha mzigo na jibu linageuka. Mwenye bucha yenye friza kubwa kadhaa, anayehitaji kilowati tatu, dizeli litamtumia takriban lita 1.2 kwa saa, yaani 3,600. Petroli kwa mzigo huohuo inakwenda kwenye lita 1.8 hivi, 5,400. Tofauti ya 1,800 kila saa, kwa mtu anayewasha saa nyingi, inalipa bei ya dizeli haraka. Dizeli inataka mzigo, na inataka saa.

Ikikosa mzigo inaumwa, na dalili zinaonekana. Dizeli ambayo haijapata joto la kutosha haiunguzi mafuta yote. Kwetu ilianza na unyevu mweusi kama grisi kwenye mdomo wa ekzosi, halafu moshi, halafu kuwaka kwa shida asubuhi. Fundi akasema ni ubovu wa nozeli, tukalipia nozeli, miezi miwili baadaye yakarudi yaleyale. Ukiona majimaji meusi kwenye ekzosi, kwanza jiulize mzigo ni mdogo kiasi gani kabla ya kununua kipuri.

Gesi nayo ina sifa moja ambayo jedwali halionyeshi: haichachi. Petroli iliyokaa miezi miwili kwenye kabureta inaacha utando na injini inagoma siku unayoihitaji. Kama umeme kwenu unakatika mara chache sana kwa mwaka, gesi inakusubiri ikiwa salama. Lakini ujue mipaka yake. Injini ileile ikitumia gesi inapoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu. Mtungi mdogo ukivutwa sana unapata baridi mpaka unatoa jasho, presha inashuka na jenereta linakohoa kabla gesi haijaisha. Na regyuleta ya jiko haifai. Jenereta linahitaji yake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujikusanya, kwa hiyo mtungi ukae nje. Jenereta lenyewe pia, la aina yoyote, likae nje mbali na mlango na dirisha, maana moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

Hatua ya tano: saa ipi inastahili kuwashwa

Sasa tunarudi kwenye ule ujumbe wa "naomba hela ya mafuta". Mdogo wangu alikuwa anawasha kila umeme ukikatika, saa 60 kwa mwezi. Nikamwomba aandike kwenye daftari mauzo ya kila saa, siku zenye umeme na siku zenye giza, kwa wiki tatu. Akaniambia, "Kaka, hiyo nayo ni kazi nyingine." Lakini aliandika.

Daftari likasema hivi. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku, taa na vinywaji baridi vinaongeza faida ghafi ya kama 5,000 kwa saa ukilinganisha na giza. Mchana wa saa nane, wakati kuna mwanga na wateja wachache, ongezeko halifiki 1,000. Fedha inayotoka mfukoni kwa saa ni mafuta na matunzo. Kwa dizeli ilikuwa 2,550, kwa hiyo kila saa ya mchana ilikuwa inakula zaidi ya 1,500 ya faida ya usiku. Duka lilikuwa linafanya kazi ili jenereta linywe.

"Na kuku wangu kwenye friza?" akauliza. Swali zuri. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hushikilia ugandishaji kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Friji ya kawaida iliyofungwa ni kama saa nne, na ya vioo inayofunguliwa na kila mteja ni pungufu ya hapo. Katizo la saa mbili mchana haliozeshi kuku. Linalomwozesha ni kufungua friza kila dakika kuangalia kama yupo salama. Sasa ana chupa za maji zilizoganda zinazojaza nafasi tupu, na mchana friza haifunguliwi umeme ukikatika. Katizo likipita saa tatu anawasha kwa saa moja, maziwa na soda zipoe.

Tulichofanya

Ugumu ulikuwa kukubali kuuza. Shemeji alisema, "Tumenunua kwa milioni mbili na laki nane, tukiuza sasa ni hasara." Nikamwambia, shemeji, hela ile imeshaondoka, tukilibakiza hairudi. Swali ni moja tu: leo linauzika kwa ngapi, na litakula ngapi likibaki? Liliuzwa kwa 1,800,000 kwa mtu mwenye mashine ya kukoboa, ambaye ana mzigo wa kulistahili. Tukanunua inveta kwa 1,440,000. Iliyobaki, 360,000, ikawa akiba ya oili na vipuri.

Zamani mwezi ulikuwa saa 60 kwa 2,550, yaani 153,000. Sasa ni saa 30 kwa 1,400, yaani 42,000. Pungufu ni 111,000 kila mwezi. Na sehemu ya 800 kwa saa ya uchakavu, ambayo ni 24,000 kwa mwezi, mdogo wangu anaiweka kwenye akaunti pembeni ya simu kila tarehe moja, ili jenereta hili likifa lijinunulie mwenzake bila kunipigia.

Kwa hiyo mtu wako wa nyumbani akikuomba hela ya jenereta, mwombe kwanza namba tatu: usomaji wa LUKU wa saa mbili za jioni, saa ambazo umeme hukatika kwa mwezi, na faida ya saa moja ya usiku. Mzigo ukiwa chini ya kilowati moja, tafuteni inveta ndogo ya petroli. Ukiwa kilowati tatu na saa ni nyingi, dizeli. Mkikaa miezi bila katizo na duka la gesi liko jirani, gesi. Namba hizo zikishafika, hata kiasi cha kutuma utakiona mwenyewe.